MAONI YETU: "Ingine itafuata" si ripoti ya zamu

Muuguzi wa usiku amemaliza kazi. Amepanda bodaboda kuelekea Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, na akiwa njiani anamwandikia mwenzake wa asubuhi mistari sita ya WhatsApp, au anamrekodia sauti huku upepo ukivuma. Mwenzake anaisikiliza akifunga vifungo vya sare. Kitabu cha ripoti kipo mezani wodini, na ukurasa wa jana usiku una sentensi moja: "Wagonjwa wote wanaendelea vizuri." Halafu dawa ikirukwa, au ikitolewa mara mbili, tunaulizana imekuwaje.

Simu haina kosa. Ujumbe wa haraka unasaidia, na muuguzi anayekumbuka kuutuma baada ya saa kumi na mbili za kusimama anastahili shukrani. Kosa ni kuuacha ujumbe ubaki ulivyotoka mdomoni na kuuita makabidhiano. Ujumbe ni mali ghafi tu. Lazima mtu akae chini na kuugeuza kuwa ripoti yenye mpangilio kabla zamu mpya haijamgusa mgonjwa yeyote, na kazi hiyo ndiyo kila mtu anayoikwepa.

Mvuvi wa Kibirizi akimwachia mwenzake boti humwambia mafuta yamebaki lita ngapi, taa ipi mbovu na maji yanaingilia wapi. Hamwambii "boti iko poa" kisha akaenda kulala. Wodi ya wazazi haiwezi kukabidhiwa kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

Tuuone ugonjwa wenyewe kwa karibu. Mfano huu tumeutunga, kwa sababu habari za mgonjwa wa kweli hazianikwi gazetini, lakini muuguzi yeyote atautambua. Ni wodi ya wazazi, saa 1:20 asubuhi, na ujumbe umeingia:

"Sista za asubuhi. Usiku ulikuwa mrefu jamani. Kitanda cha 4 yule wa kifafa cha mimba kajifungua salama mtoto wa kike, degedege halijarudi, magnesiamu nimempa ampuli mbili saa 8, ingine itafuata. Presha imeshuka shuka. Mkojo upo ila si mwingi. Yule wa upasuaji yuko poa. Kitanda cha 9 damu bado inatoka kidogo, umcheki. Yule aliyetoka Kalya ndugu zake wako nje. Oksijeni inakaribia kwisha. Haya mie nalala."

Hakuna uongo hapo, na aliyeandika ana moyo na kazi yake. Hata hivyo ndani ya mistari hiyo kuna njia tatu za kumdhuru mama wa kitanda cha 4.

Anza na "saa 8". Sisi sote tunajua ni saa nane usiku. Lakini chati ya dawa inaandikwa kwa saa 24, na kwenye chati saa hiyo ni 02:00. Muuguzi wa asubuhi akija kujaza chati baadaye, amechoka na anaitwa huku na huku, "8" ya kwenye simu inaingia kama 08:00 bila yeye kutambua. Magnesiamu ya sindano ya msulini hurudiwa kila baada ya saa 4. Kwa hesabu hiyo mbovu dozi inayofuata itasubiri hadi 12:00, na mama aliyepata degedege jana usiku atakuwa amekaa saa 10 tangu dozi ya mwisho. Dawa ya kosa hili haina gharama yoyote: katika ripoti, saa zote ziandikwe kama zilivyo kwenye chati, tarakimu nne, usiku na mchana. Mdomoni tuendelee kusema saa nane.

"Ampuli mbili" nayo haina maana mpaka ujue ni ampuli gani. Magnesiamu salfeti ya asilimia 50 huja katika ampuli ya mililita 2 yenye gramu 1, na huja pia katika ampuli ya mililita 10 yenye gramu 5. Kwa hiyo ampuli mbili zinaweza kuwa gramu 2, ambazo hazitoshi, au gramu 10, ambazo ni mara mbili ya dozi ya kuendeleza. Dawa iandikwe kwa gramu au miligramu, pamoja na njia iliyotolewa. Idadi ya ampuli ni habari ya stoo.

Sasa tazama "ingine itafuata". Kama ya mwisho ilitolewa 02:00, inayofuata ilikuwa ya 06:00. Ujumbe umetumwa 07:20. Je, ya 06:00 imetolewa? Ujumbe hausemi. Muuguzi makini wa asubuhi ataona imechelewa kwa saa nzima na zaidi, atashika sindano na kukimbilia kitanda cha 4. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo, kwa sababu sentensi iliyobeba uzito wote wa ujumbe huu ni ile iliyofuata, iliyosemwa kwa kupita tu: "Mkojo upo ila si mwingi."

Magnesiamu hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zisipotoa mkojo wa kutosha, dawa hubaki kwenye damu na kila dozi mpya inaongezeka juu ya ile ya zamani. Kwanza goti huacha kuruka likigongwa, kisha pumzi hupungua, na mwisho husimama. Ndiyo maana kabla ya kila dozi muuguzi hutakiwa kuangalia mambo matatu: mgonjwa anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka, na mkojo umetoka angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, yaani mililita 120. Kimoja kikikosekana, dozi inashikiliwa na daktari anaitwa.

Muuguzi wa asubuhi katika mfano wetu alifanya jambo sahihi. Hakukisia. Alimpigia mwenzake kabla hajafika kitandani. Simu ya dakika mbili ikatoa haya: "ampuli mbili" zilikuwa ampuli moja ya mililita 10 ya magnesiamu, gramu 5, na ampuli moja ya dawa ya ganzi iliyochanganywa kwenye sindano hiyohiyo ili kupunguza maumivu. Dozi ya 06:00 hakuitoa kwa makusudi, kwa kuwa mfuko wa mkojo ulikuwa na mililita 60 tu tangu 02:00. Alikusudia kumwarifu daktari wa zamu, akaitwa kumhudumia mzazi mwingine, ikapita. Uamuzi wake ulikuwa wa kitaalamu kabisa. Ni ujumbe wake ulioufukia.

Baada ya simu hiyo, haya ndiyo yaliyoandikwa kitabuni:

"Kitanda 4. Jina na namba ya faili vimehakikiwa kwenye utepe wa mkononi. Miaka 22, uzazi wa kwanza. Kifafa cha mimba. Degedege la mwisho 21:15 jana. Alijifungua kawaida 23:40, mtoto yuko naye, ananyonya.

Magnesiamu: dozi ya kuanzia 22:00, gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 msulini, nusu kila tako. Gramu 5 msulini, tako la kulia, 02:00. Dozi ya 06:00 IMESHIKILIWA: mkojo ml 60 kwa saa 4, kikomo ni ml 120. Daktari hajaarifiwa.

Presha 170/115 saa 00:30, akapewa haidralazini mg 5 kwenye mshipa polepole. 150/100 saa 05:30. Pumzi 18, goti linaruka, 06:00.

Kufanya: Daktari wa zamu apigiwe 07:30, na zamu ya asubuhi. Mpira wa mkojo ukaguliwe kama umekunjika au kuziba. Pumzi, goti na mkojo kila saa. Magnesiamu isitolewe mpaka daktari aseme. Kalsiamu glukoneti gramu 1 na sindano viwe kando ya kitanda. Magnesiamu inatakiwa kukamilisha saa 24 tangu kujifungua, yaani hadi 23:40 leo."

Isome tena ripoti hii uilinganishe na ule ujumbe. Hakuna utaalamu mpya ulioongezwa. Kila kitu kilikuwa tayari kichwani mwa muuguzi wa usiku. Kilichofanyika ni kukitoa kichwani na kukipanga. Inaanza na mtu ni nani, linafuata tatizo lake, kisha kilichofanyika na saa yake, hali ya sasa kwa tarakimu, na mwisho kazi iliyobaki, saa yake na mwenyewe. Neno "imeshikiliwa" limekaa karibu na sababu yake, ili anayekuja asidhani ni uzembe akaja kuusahihisha kwa sindano.

Kitanda cha 9 kinafuata papo hapo, kwa kuwa ripoti nzuri hupangwa kwa hatari. Mpangilio wa vitanda kutoka mlangoni hadi dirishani haujui nani anakaribia kuzidiwa. "Damu bado inatoka kidogo" ni maneno ya kutiliwa shaka kuliko yote katika wodi ya wazazi. Kidogo kwa macho ya nani? Mama anaweza kupoteza damu polepole usiku kucha, pedi moja baada ya nyingine, na kila aliyempitia akaona kidogo. Andika pedi ngapi zimelowa na tangu saa ngapi, mapigo ya moyo, presha, na kama mji wa mimba ni mgumu ukiushika tumboni au umelegea. Mapigo yakiwa yamepanda kutoka 88 hadi 112 ndani ya saa 3, hilo ndilo jambo la kuandika kwanza, hata kama presha bado inaonekana nzuri, kwa sababu kwa mzazi kijana presha huchelewa kushuka.

Wagonjwa waliotulia hawahitaji aya. "Kitanda 7, upasuaji jana, joto 36.8, kidonda kikavu, dawa inayofuata 10:00." Basi. Mambo ya wodi nzima, kama mtungi wa oksijeni, yakae peke yake chini ya ukurasa: geji inasoma ngapi, nani ameambiwa, ameambiwa saa ngapi. Na wale ndugu walioko nje wana kazi zaidi ya kusubiri. Kama mama anazungumza Kiha pekee, au Kirundi, iandikwe ni nani kati yao anayemtafsiria na anapatikana wapi, maana huwezi kumuuliza mtu kama kichwa kinamuuma au macho yanaona ukungu kwa lugha asiyoielewa.

Kuna kanuni moja katika kugeuza ujumbe kuwa ripoti ambayo haina mjadala: pengo halijazwi kwa kubuni. Ukisoma "presha imeshuka" na hujui imeshuka hadi ngapi, usiandike 130/80 kwa sababu inapendeza. Acha nafasi, izungushie duara, uliza; na kama mwenzako simu yake imezimwa, andika "haijulikani" kisha kapime mwenyewe. Ripoti safi yenye namba ya kubuni ni mbaya kuliko ujumbe ovyo, kwa kuwa ujumbe ovyo unakutia wasiwasi na ripoti safi unaiamini.

Utaijua ripoti ya kubuni ukiifungua tu. Wagonjwa wanane mfululizo wana pumzi 20 na mapigo 80. Sentensi ya Jumatatu imerudi Jumanne na Jumatano, neno kwa neno, hadi kosa la herufi lilelile. Muuguzi kiongozi wa wodi anayesaini kurasa za namna hiyo bila kuuliza naye ajiangalie.

Tunazijua sababu zinazotolewa. Ya kwanza ni muda na uchache wa watumishi. Uchache upo, hatuupingi. Lakini mwaka 2014 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 9 za watoto za Marekani na Kanada, ambako madaktari walio mafunzoni walifundishwa kukabidhiana wagonjwa kwa utaratibu uitwao I-PASS, wa mdomo na wa maandishi pamoja. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na muda wa makabidhiano haukuongezeka kwa kiasi cha maana. Wale walikuwa madaktari, tena katika hospitali zenye vifaa kuliko zetu, kwa hiyo asilimia zile hatuwezi kuzihamishia hapa kama zilivyo. Lakini dai kwamba utaratibu hula muda limejibiwa. Kinachokula muda ni kumtafuta mtu aliyekwishalala ili umuulize alichomaanisha.

Sababu ya pili ni kwamba fomu hazijaletwa. Ripoti hii haihitaji fomu. Inahitaji kaunta buku na rula: safu ya kitanda na jina, safu ya tatizo, ya kilichofanyika, ya hali ya sasa, ya kazi na saa yake. Wapo wanaotumia mpangilio wa SBAR, uliotokana na manowari za jeshi la majini la Marekani kabla haujaingia hospitalini, unaoanza na hali ilivyo sasa, kisha historia, tathmini na pendekezo. Nao unafaa. Wodi ichague mmoja na kila mtu aufuate, maana mitatu kwa pamoja ni sawa na kutokuwa nao.

Ya tatu ndiyo inayotuudhi: "Tunafahamiana, yeye atanielewa." Atakuelewa leo. Kesho kutwa atakuwa likizo na atakayesoma ni muuguzi mgeni aliyehamishwa kutoka Kasulu.

Uchovu ni hoja ya kweli, na jibu lake ni kutoandika kila kitu dakika ya mwisho. Anayeandika tarakimu na saa kila anapozunguka, kwenye karatasi ya mfukoni, saa 12 asubuhi anakuta ripoti imekwisha nusu. Kisha wote wawili wapite kitanda kwa kitanda, anayeondoka akisoma, anayeingia akirudia kwa mdomo kazi alizoachiwa na kutazama kwa macho yake mfuko wa mkojo, dripu na pedi. Pasipo kupita vitandani, hata karatasi nzuri ni hadithi tu. Mwisho wote wasaini, na saa ya kusaini iandikwe.

Kuna suala la siri pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Jina la mgonjwa, picha ya faili lake na majibu yake ya vipimo havina ruhusa ya kukaa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu arobaini, baadhi yao wamekwishahama kituo. Kwenye simu itoshe namba ya kitanda na kinachotakiwa kufanyika haraka. Jina na namba ya faili vikae kitabuni, na lazima vikae huko vyote viwili, kwa sababu mgonjwa huhamishwa kitanda na namba ya kitanda peke yake inaweza kumpa dawa mtu mwingine. Ukishaandika ripoti, ujumbe ufutwe.

Ugonjwa huuhuu husafiri na rufani. Mwambao wa kusini wa ziwa, Buhingu hadi Kalya, mama huweza kupakiwa kwenye boti akiwa tayari amepewa dozi ya kuanzia kituoni. Karatasi ikisema tu "amepewa magnesiamu", wanaompokea mjini wana machaguo mawili mabaya: wampe dozi nyingine ya kuanzia juu ya ile ya kwanza, au wamwache bila dawa wakidhani muda bado. Mkoa huu ulipata bahati ya mradi wa afya ya uzazi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies, ulioweka huduma za upasuaji wa uzazi katika vituo vya afya vya mbali na kuwafundisha watumishi wasio madaktari bingwa kuifanya kazi hiyo. Fedha nyingi na jasho jingi vilitumika kumfikisha mama mezani akiwa hai. Kuandika gramu ngapi, wapi mwilini, na saa ngapi, kunahitaji mstari mmoja wa kalamu.

Waganga wakuu wa wilaya na wauguzi wakuu wa hospitali za mkoa huu hawana haja ya kusubiri semina wala waraka. Watoe agizo wiki hii: hakuna muuguzi anayetoka wodini kabla ripoti haijaandikwa, haijasomwa kitandani na kusainiwa na wawili; na zamu zipishane kwa dakika 20 ili jambo hilo liwezekane bila kumwibia mtu muda wake wa kupumzika. Kisha kila Ijumaa metroni afungue kitabu, achague wagonjwa watatu, alinganishe ripoti na chati zao. Akikuta "ingine itafuata", amwite aliyeandika na amuulize saa ngapi.